Washiriki wangapi wanatosha kwenye jaribio la kubadilishana tiba? Hesabu hatua kwa hatua

Kuna dawa mbili za presha, amlodipini na haidroklorothiazaidi, na unataka kujua ipi inashusha zaidi. Njia iliyozoeleka ni kugawa wagonjwa makundi mawili, kila kundi na dawa yake. Njia nyingine ni kumpa kila mgonjwa dawa zote mbili kwa zamu: nusu ya washiriki waanze na amlodipini kisha wahamie nyingine, nusu waende kinyume chake, na kura ndiyo iamue nani aanze na ipi. Hili ndilo jaribio la kubadilishana tiba. Idadi ya watu wanaohitajika inaweza kushuka kutoka karibu mia mbili hadi hamsini hivi. Mwongozo huu unaonyesha punguzo hilo linatoka wapi, linahesabiwaje, na ni wapi watafiti hujidanganya.

Hatua ya 1: Hakikisha swali lako linakubali muundo huu

Ugonjwa uwe wa kudumu na usiobadilika sana ndani ya miezi ya utafiti, na tiba iwe ya kutuliza, isiwe ya kuponya. Presha, pumu, maumivu ya viungo na kipandauso vinafaa. Malaria haifai: dawa ya kwanza ikimponya mgonjwa, ya pili haina cha kutibu. Upasuaji na chanjo navyo haviwezi kurudishwa nyuma. Mfano maarufu wa muundo huu ni DASH-Sodium, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001. Washiriki 412 waligawanywa kwa kura kwenye aina mbili za mlo, kisha kila mmoja akala viwango vitatu vya chumvi, siku 30 kila kiwango, kwa mpangilio wa nasibu. Angalia ujanja wake: mlo ulilinganishwa kati ya watu, chumvi ikalinganishwa ndani ya mtu.

Hatua ya 2: Andika tofauti unayoitafuta na mtawanyiko wa vipimo

Namba mbili za kwanza ni zilezile za jaribio lolote. Ya kwanza ni tofauti ndogo kabisa ambayo daktari angeijali. Hapa tuchukue milimita 5 za zebaki kwenye namba ya juu ya presha. Ya pili ni mkengeuko sanifu, SD kwenye fomula, yaani washiriki wanatofautiana kiasi gani wakiwa kwenye tiba ileile. Tuchukue 12. Kiwango cha kosa kiwe 5% kwa pande mbili na nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli, iwe 80%. Viwango hivi viwili vinazaa namba 7.85, ambayo ni (1.96 + 0.842) kipeo cha pili. Ukitaka nguvu ya 90%, weka 10.5 mahali pake.

Hatua ya 3: Piga kwanza hesabu ya makundi sambamba

Hata kama umeshaamua kubadilisha tiba, hesabu hii ndiyo kipimo chako cha kulinganishia. Jumla ya watu, N, kwa makundi mawili yaliyo sawa ni:

```
N = 4 × SD² × 7.85 / tofauti²
  = 4 × 144 × 7.85 / 25
  = 181
```

Ukiongeza marekebisho madogo ya jaribio la t, inakuwa watu 92 kwa kila kundi, jumla 184.

Hatua ya 4: Ingiza korelesheni ya ndani ya mtu

Chukua washiriki wawili. Wa kwanza ana presha ya 162 akiwa na dawa moja na 156 akiwa na nyingine. Wa pili ana 138 na 133. Kati yao kuna pengo la zaidi ya milimita 20, linalotokana na umri, uzito, figo, urithi na mambo ya chumvi nyumbani. Ukiwaweka kwenye makundi tofauti, pengo hilo lote linaingia kwenye hesabu kama kelele, na tofauti ya 5 unayoitafuta inazama humo. Ukimlinganisha kila mmoja na nafsi yake, unabaki na 6 kwa wa kwanza na 5 kwa wa pili. Pengo la kati ya watu limejifuta lenyewe katika kutoa.

Korelesheni, inayoandikwa ρ, inapima ni sehemu gani ya mtawanyiko wote ni ya kudumu ndani ya mtu. Ikiwa ρ ni 0.6, maana yake 60% ya varianzi (mkengeuko sanifu kipeo cha pili) ni tofauti za kudumu kati ya watu, na 40% ni mabadiliko ya mtu huyohuyo kutoka kipindi kimoja hadi kingine pamoja na makosa ya kupima. Jaribio la kubadilishana tiba linalipia ile 40% tu. Varianzi ya tofauti ya mtu mmoja kati ya dawa mbili ni:

```
SD_tofauti² = 2 × SD² × (1 − ρ)
N = SD_tofauti² × 7.85 / tofauti²
```

Kwa ρ ya 0.6, SD_tofauti² ni 2 × 144 × 0.4, yaani 115.2, na N inakuwa 36. Ukigawanya fomula hii kwa ile ya makundi sambamba, karibu kila kitu kinakatika na kubaki (1 − ρ) / 2. Hapo ndipo siri yote ilipo. Ile 2 ya chini inatokana na kila mtu kutoa vipimo viwili badala ya kimoja, kwa hiyo hata ρ ikiwa sifuri unahitaji nusu ya watu. (1 − ρ) ndiyo faida ya ziada ya mtu kulinganishwa na nafsi yake.

Kwa mfano wetu, baada ya marekebisho ya hatua ya 7 na kufanya idadi iwe shufwa, namba zinakwenda hivi:

| ρ | Jumla ya washiriki |
|---|---|
| 0 | 94 |
| 0.3 | 66 |
| 0.5 | 48 |
| 0.6 | 40 |
| 0.7 | 30 |
| 0.8 | 22 |

Kabla ya kushangilia, linganisha kwa haki. Jaribio la makundi sambamba nalo linaweza kutumia korelesheni, likipima presha kabla ya tiba na kuiingiza kwenye uchambuzi. Hapo idadi yake inapungua kwa kuzidishwa na (1 − ρ²). Kwa ρ ya 0.6, ile 181 inashuka hadi 116. Kubadilishana tiba bado kunashinda kwa mbali, ila anayesema amepunguza watu mara tano kwa kawaida amejilinganisha na mpinzani aliyefungwa mikono.

Hatua ya 5: Tafuta ρ mahali sahihi

Ripoti nyingi haziandiki ρ kabisa, ila mara nyingi unaweza kuichimbua. Tafuta jaribio la kubadilishana tiba lililopima kitu kilekile kwa wagonjwa wanaofanana na wako, kisha angalia masafa ya uhakika ya 95% ya tofauti. Tuseme ripoti ina watu 24, tofauti ya wastani ni 4, masafa ni kutoka −0.5 hadi 8.5, na mkengeuko sanifu kwenye kila dawa ni 12.

Nusu ya upana wa masafa ni 4.5. Igawanye kwa 2.074, ambayo ni thamani ya t kwa digrii 22 za uhuru (watu 24 toa 2), upate kosa sanifu la 2.17. Lizidishe kwa kipeo mraba cha 24 upate SD_tofauti ya 10.63. Sasa rudi nyuma:

```
ρ = (SD1² + SD2² − SD_tofauti²) / (2 × SD1 × SD2)
  = (144 + 144 − 113) / 288
  = 0.61
```

Hatua hii inafanya kazi tu ikiwa masafa hayo yametoka kwenye uchambuzi ulioheshimu jozi. Ikiwa waandishi walichambua kana kwamba vipimo ni vya watu tofauti, utapata ρ iliyo karibu na sifuri, na hiyo itakuwa kasoro ya uchambuzi wao, wala si sura ya wagonjwa wao.

Chanzo kingine ni daftari la kliniki, pale mgonjwa mmoja amepimwa mara mbili bila kubadilishiwa dawa. Hapa angalia muda uliopita kati ya vipimo. Presha ya Jumatatu na ya Jumatano inashabihiana kuliko presha ya leo na ya wiki sita zijazo. Kama vipindi vya jaribio lako vimeachana kwa wiki sita, ρ ya siku mbili itakuahidi kisichokuwepo. Isitoshe, daftari hilo haliwezi kukuonyesha kwamba baadhi ya watu wanaitikia dawa moja zaidi kuliko nyingine, jambo linaloongeza mtawanyiko wa tofauti. Ndiyo maana ρ ya daftari huwa na matumaini kidogo kupita kiasi.

Angalia pia namna ya kupima. Wastani wa vipimo sita vya ziara mbili una kelele ndogo kuliko kipimo kimoja, kwa hiyo ρ yake ni kubwa zaidi. Ukiazima ρ ya utafiti uliotumia wastani wa vipimo sita huku wewe umepanga kupima mara moja, umeazima nguo isiyo saizi yako. Kwa upande wa pili, hii ni njia ya halali kabisa ya kupunguza washiriki: ongeza ziara moja mwishoni mwa kila kipindi na uchukue wastani. Mara nyingi ziara hiyo ni nafuu kuliko kutafuta mgonjwa mwingine.

Hatua ya 6: Usiiamini ρ ya watu wachache kama ilivyo

Ile 0.61 imetoka kwa watu 24. Masafa yake ya uhakika ya 95% ni takriban kutoka 0.27 hadi 0.81. Kwa lugha ya washiriki, ni kama watu 20 upande mmoja na 68 upande mwingine. Anayepanga kwa 0.61 anacheza bahati nasibu yenye nafasi karibu nusu kwa nusu ya kupungukiwa.

Kanuni tunayoipendekeza ni kushuka hadi mpaka wa chini wa uhakika wa 80% kwa upande mmoja, ambao hapa ni 0.48, na kupanga kwa namba iliyo jirani nao. Tuchukue 0.5. Tahadhari hiyo inagharimu watu wanane juu ya wale 40 wa ρ ya 0.6. Kama una vyanzo viwili au vitatu na vinatofautiana, chagua cha chini na uandike sababu. Kuchukua wastani wao kwa sababu tu unaonekana wa haki hakukukingi na lolote.

Hatua ya 7: Funga hesabu

Fomula ya hatua ya 4 inachukulia kwamba mkengeuko sanifu unajulikana kwa uhakika. Kwa kuwa utaukadiria kutoka data yako, ongeza watu wawili, au acha programu ya takwimu ya R ifanye kazi hiyo:

```r
sd_mtu <- 12
rho <- 0.5
sd_tofauti <- sd_mtu * sqrt(2 * (1 - rho))
power.t.test(delta = 5, sd = sd_tofauti,
             power = 0.80, type = "paired")
```

Jibu la n ni 47 na ushei. Panda hadi 48, ili kila mpangilio wa dawa, yaani ipi inaanza, upate watu 24. Kwenye amri hii, n ni idadi ya watu (jozi za vipimo), kwa hiyo usiizidishe kwa mbili. Na `sd` ukiweka `type = "paired"` ni mkengeuko wa tofauti, si mkengeuko wa watu. Kwa ρ ya 0.5 namba hizo mbili hulingana (zote 12), kwa hiyo kosa hilo halionekani. Badilisha ρ iwe 0.3 ukiwa umesahau, na utakuwa na upungufu wa karibu watu 20 bila programu kukuonya.

Kisha wanaoacha njiani. Katika makundi sambamba, anayeondoka baada ya kipimo cha mwisho hajapoteza kitu. Hapa mtu anayeondoka baada ya kipindi cha kwanza amekupa nusu ya jozi, na nusu ya jozi karibu haina thamani, maana faida yote ilikuwa kwenye kutoa. Jaribio nalo ni refu zaidi, kwa hiyo wanaoacha huwa wengi. Tukikisia 15%, 48 gawanya kwa 0.85 ni 56.5. Panda hadi 58, ili kila mpangilio uwe na 29. Usizidishe 48 kwa 1.15: utapata 56, na baada ya 15% kuondoka utabaki na watu 47 au 48 ukiwa huna akiba yoyote.

Kosa kubwa kuliko yote: kuchanganya ρ ya huku na mkengeuko wa kule

Hapa ndipo hata wazoefu hujikwaa. ρ si sifa ya kipimo peke yake, inategemea na watu uliowapima. Tuseme mabadiliko ya ndani ya mtu yana varianzi ya 57.6 kila mahali. Kwenye kliniki inayochagua wagonjwa wa presha ya wastani tu, mkengeuko wa watu ni 12 na ρ ni 0.6. Kwenye uchunguzi wa kijiji kizima, wenye presha na wasio nayo, mkengeuko ni 16. Watu wametawanyika zaidi, kwa hiyo sehemu ya kudumu ni kubwa, na ρ inapanda hadi 0.775. Ukipiga hesabu kwa kila jozi ya namba kivyake, jibu ni lilelile: 36 kabla ya marekebisho.

Sasa chukua mkengeuko wa 12 kutoka kliniki, na ρ ya 0.775 kutoka kijijini kwa kuwa inapendeza. Jibu linashuka hadi 20, na 22 baada ya marekebisho. Ukweli ni kwamba kwa watu 22 jaribio lako lina nguvu ya karibu 55% badala ya 80%. Umeanzisha utafiti unaokaribia kurusha shilingi juu.

Dawa yake ni kuacha kufikiria ρ peke yake. Kinachoamua idadi ni mtawanyiko wa ndani ya mtu, yaani SD² × (1 − ρ). Ukipata SD_tofauti moja kwa moja kutoka kwenye ripoti, itumie hiyo na uiache ρ ipumzike. Ukilazimika kutumia ρ, itoke kwenye jedwali lilelile lililokupa mkengeuko sanifu.

Mabaki ya dawa ya kwanza

Hesabu yote imechukulia kwamba dawa ya kipindi cha kwanza haifanyi kazi tena unapopima kipindi cha pili. Nusu-uhai wa amlodipini ni saa 30 hadi 50. Nusu-uhai tano za saa 50 ni saa 250, siku kumi na ushei. Ukipima presha wiki moja baada ya kubadilisha dawa, aliyehamia haidroklorothiazaidi bado ana amlodipini mwilini, na tofauti kati ya dawa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Idadi ya washiriki haiwezi kurekebisha hilo. Utapata jibu lililopotoka, kwa uhakika mkubwa zaidi.

Kumwacha mgonjwa wa presha bila dawa kwa wiki kadhaa ili mwili usafike ni jambo ambalo kamati ya maadili italikazia macho, na ina haki. Njia nafuu ni kumhamisha moja kwa moja, kufanya kila kipindi kiwe cha wiki sita, na kupima wiki ya tano na ya sita tu. Wiki nne za mwanzo zinafanya kazi ya kusafisha huku mgonjwa akiwa kwenye tiba.

Usipange kuchunguza mabaki kwa jaribio la takwimu halafu, yakionekana, ukatupa kipindi cha pili. Utaratibu huo wa hatua mbili ulipendekezwa mwaka 1965, na mwaka 1989 ikaonyeshwa kwamba unapandisha kiwango cha kosa juu ya ile 5% uliyoahidi. Kipimo cha mabaki kinalinganisha watu na watu, kwa hiyo kwa washiriki 48 ni dhaifu. Kibaya zaidi, kinapopiga kengele, mara nyingi ni kwa sababu kipindi cha kwanza kimepinda kwa bahati tu, na ndicho unachobaki nacho. Mabaki huzuiwa kwenye ratiba.

Uchambuzi ufanane na hesabu

Idadi ya 48 ina maana tu ikiwa uchambuzi utatumia jozi na utaondoa athari ya kipindi, kwa mfano majira ya joto au watu kuzoea kupimwa. Njia rahisi: kwa kila mtu toa kipimo cha kipindi cha pili kutoka cha kwanza, kisha linganisha mipangilio miwili kwa jaribio la t la makundi mawili. Nusu ya tofauti ya wastani hizo ndiyo tofauti ya dawa. Ukiwa na mipangilio iliyo sawa kwa idadi, usahihi wake ni uleule tuliouhesabu, ila digrii za uhuru ni N − 2 badala ya N − 1.

Aya ya kuweka kwenye pendekezo la utafiti

Iandike ili mkaguzi aweze kurudia hesabu bila kukupigia simu:

"Tunatafuta tofauti ya milimita 5 za zebaki kwenye wastani wa namba ya juu ya presha wa wiki ya tano na ya sita. Mkengeuko sanifu wa watu ni 12 na korelesheni ya ndani ya mtu ni 0.5, iliyoshushwa kutoka 0.61 iliyokokotolewa kwenye jaribio la watu 24 lililotumia vipimo vilevile. Mkengeuko wa tofauti ni 12. Kwa kosa la 5% la pande mbili na nguvu ya 80%, wanahitajika watu 48 waliomaliza vipindi vyote viwili. Kwa makisio ya 15% kuacha njiani, tutaandikisha 58, 29 kwa kila mpangilio. Ikiwa korelesheni halisi itakuwa 0.3, wangehitajika 66, na nguvu ya jaribio kwa watu 48 itakuwa karibu 67%."